Namba Haisemi Mtu Yuko Wapi

Kila namba ya simu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huanza na +243, mwenyewe awe Kinshasa au Lubumbashi. Saa za miji hiyo miwili hazilingani. Kinshasa na mikoa ya magharibi iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili. Lubumbashi, Goma, Bukavu na Kisangani, upande ambao Kiswahili kimeenea, iko nyuma kwa saa moja tu. Anayepiga simu kutoka Mombasa saa 4 asubuhi anaweza kumpata mtu wa Lubumbashi saa 3, duka limeshafunguliwa, au mtu wa Kinshasa saa 2, ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Namba yenyewe haimwambii ni yupi kati ya hao.

Hapo kosa ni la saa moja. Ukihamia kwenye namba zinazoanza na +1, kosa hukua. Msimbo huo ni wa Marekani, Kanada na visiwa vingi vya Karibi kwa pamoja, na kutoka Newfoundland mashariki mwa Kanada hadi Hawaii saa hupishana kwa zaidi ya saa sita. Mtu mmoja anakula chakula cha mchana na mwingine bado yuko kitandani, na simu zao zote zinaanza kwa tarakimu ileile.

Kwetu simu inayolia usiku wa manane haipokewi kama simu nyingine. Aliyelala hushtuka akidhani kuna msiba au mgonjwa nyumbani, na kama yuko ughaibuni hushtuka zaidi, kwa sababu yuko mbali na hawezi kukimbilia hospitali kuona kwa macho. Akisikia kwamba ni chama chake kinamkumbusha mkutano mkuu, hasira yake ni ya haki. Aliyempiga hakukusudia ubaya. Alifuata orodha kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na orodha haikuwa na mahali pa kumzuia.

Tuchukulie chama cha akiba na mikopo cha Dar es Salaam chenye wanachama wengi nyumbani na wachache nje. Katibu anataka kila mwanachama apigiwe kabla ya mkutano mkuu, na siku ya kupiga ni Jumatano, tarehe 18 Machi 2026. Katika orodha kuna watu wa Dar es Salaam, Lubumbashi, Kinshasa, Maskati, London, Minneapolis na Phoenix. Chama kimeamua kwamba hakuna atakayepigiwa kabla ya saa 3 asubuhi wala baada ya saa 2 usiku kwa saa za huko aliko. Mipaka hiyo ni ya uungwana, na ni mikali kuliko sheria nyingi. Marekani, kwa mfano, kanuni ya tume ya mawasiliano inayotokana na sheria ya mwaka 1991 inakataza simu za kutafuta wateja kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 3 usiku, na saa inayohesabiwa ni ya anayepigiwa, si ya anayepiga. Jimbo la Florida limebana zaidi: mwisho ni saa 2 usiku.

Kabla ya yote mipaka hiyo iandikwe kwa namna ambayo kompyuta itaielewa. Katibu akisema “kuanzia saa 3” na kijana wa kompyuta akaandika 3:00, mashine itaanza kupiga saa 9 usiku, na itafanya hivyo kwa uaminifu katika kila nchi iliyomo kwenye orodha. Kwenye mashine iandikwe 09:00 na 20:00, na anayeandika amsomee katibu kwa sauti kabla ya kuhifadhi.

Baada ya hapo namba zenyewe zisafishwe. Orodha za vyama huwa zimeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi: huyu kaanza na sifuri, yule na 00, mwingine kaacha msimbo wa nchi kabisa. Namba inayoanza na 0712 ipo Kenya na ipo Tanzania pia. Saa ni ileile, kwa hiyo hutamwamsha mtu, ila utampigia asiyehusika. Kuna pia madhara ya jedwali la Excel, ambalo likipewa namba ndefu huidhania kuwa hesabu, likafuta alama ya kujumlisha au sifuri ya mwanzo na wakati mwingine kuionyesha kama 4.477E+11. Safu ya simu iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote ndani yake, na kila namba ipewe umbo moja: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha tarakimu zilizobaki bila nafasi. Namba iliyokosa msimbo isikisiwe. Itengwe kando mpaka mtu anayemjua mwanachama aijaze.

Sasa kila namba inahitaji ukanda wake wa saa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Njia ya haraka ni kuandika tofauti ya saa pembeni ya jina: London 0, Minneapolis −6, Phoenix −7, kwa kuhesabu kutoka saa ya dunia inayoitwa UTC. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri. Lakini Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 Marekani imesogea tarehe 8 Machi, Uingereza inasubiri hadi tarehe 29. Siku yetu ya tarehe 18 imeangukia katikati, kipindi ambacho hata mtu aliyezoea kuhesabu kichwani hukosea. Arizona, ambako ndiko Phoenix, haisogezi saa kabisa, isipokuwa katika ardhi ya Wanavajo.

Kwa hiyo usiandike tofauti. Andika jina la ukanda kama linavyojulikana kwenye kompyuta: `Africa/Lubumbashi`, `Africa/Kinshasa`, `Asia/Muscat`, `Europe/London`, `America/Chicago` kwa Minneapolis, `America/Phoenix`. Majina haya yanatoka kwenye hazina moja ya kumbukumbu iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, na kwa muda mrefu imetunzwa na Paul Eggert pamoja na watu wa kujitolea. Ndani yake kila jina lina historia ya saa za mahali hapo, ikiwemo siku za kusogeza. Ukiuliza saa ya `Europe/London` tarehe 18 Machi inajibu kwa saa za kawaida, na ukiuliza tarehe 30 inajibu kwa saa za majira ya joto, bila katibu kugusa chochote.

Hazina hiyo nayo inataka kuhuishwa. Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Kompyuta ambayo haijapokea marekebisho tangu kabla ya siku hiyo bado inaamini kwamba Juba na Nairobi ziko sawa, na itampigia mtu wa Juba saa 2 asubuhi ikidhani ni saa 3. Ukitaka kujua kama mashine yako ni ya zamani, iulize saa ya `Africa/Juba` sasa hivi. Ikijibu sawa na Nairobi, haijahuishwa.

Turudi kwenye siku yetu, tukisoma kila kitu kwa saa ya Dar es Salaam. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo watu wa huko wanaweza kupigiwa kuanzia saa 2 asubuhi, kabla hata ya watu wa Dar, na mlango wao unafungwa saa 1 usiku. Lubumbashi inafunguka saa 4 asubuhi, Kinshasa saa 5, London saa 6 mchana. Minneapolis haifunguki hadi saa 11 jioni, wapigaji wa Dar wakiwa wanafunga mikoba, na Phoenix inasubiri hadi saa 1 usiku. Mtu anayefanya kazi saa za ofisi tu atamaliza orodha yote isipokuwa Marekani, na kishawishi chake kitakuwa kuzipiga namba za Marekani asubuhi na mapema ili zipungue. Saa 4 asubuhi ya Dar, Phoenix ni saa 6 usiku kamili. Afadhali wapigaji wawili waje jioni ile moja, kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku. Minneapolis itakuwa saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, Phoenix saa 3 hadi saa 6 mchana, na hakuna atakayeamshwa.

Hesabu hiyo ni sahihi kama mtu wa Minneapolis yuko Minneapolis. Namba yake inaanza na +1 612, na tarakimu 612 ni msimbo wa eneo la mji huo. Zamani, simu zilipokuwa za waya, hilo lilikuwa jibu tosha kwa sababu waya haukuhama. Siku hizi namba ya mkononi humfuata mwenyewe. Tangu Novemba 2003 Mmarekani anaweza hata kubadili kampuni ya simu na kubaki na namba yake, na anayehama mji kwa kawaida hana sababu ya kuibadilisha. Mwanachama aliyefika Minneapolis, akasoma, kisha akapata kazi Seattle, bado ana 612. Seattle iko nyuma ya Minneapolis kwa saa mbili. Ukimpigia saa 3 asubuhi ya Minneapolis, kwake ni saa 1 asubuhi.

Hata asiyehama anaweza kukuchanganya. Msimbo 850 wa kaskazini magharibi mwa Florida unabeba Tallahassee na Pensacola, miji ambayo saa zake zinapishana kwa saa moja. Na mwanachama wa Dar aliyekwenda Guangzhou kununua mzigo akiwa na laini yake ya +255 atalala kwa saa za China, huku orodha ikiamini yuko Kariakoo.

Basi namba ni dalili ya mahali, si ushahidi. Naona hili ndilo linalopaswa kuongoza mpango mzima: pale usipojua mtu yuko wapi, usichague mahali panapoelekea kuwa pake, ila orodhesha mahali pote anapoweza kuwa, kisha umpigie katika saa ambazo ni mchana kwa mahali hapo pote. Shaka ipunguze saa za kupiga. Kwa namba ya +243 isiyo na mji, saa halali tarehe 18 Machi ni kuanzia saa 5 asubuhi, Kinshasa inapofunguka, hadi saa 3 usiku ya Dar, Lubumbashi inapofungwa. Umepoteza saa moja tu kila upande na umebaki na saa kumi. Kwa namba ya +1 ambayo mwenyewe anaweza kuwa popote kati ya New York na Los Angeles, dirisha ni kuanzia saa 1 usiku hadi saa 9 usiku ya Dar, saa nane. Ukiongeza Hawaii, mwanzo wake unasogea hadi saa 4 usiku na zinabaki saa tano. Bado zinatosha kumpata mtu mmoja.

Kuna maktaba ya programu inayoitwa `libphonenumber`, iliyotolewa na Google, ambayo ukiipa namba inarudisha kanda za saa zinazowezekana. Wakati mwingine inarudisha moja, wakati mwingine kadhaa. Waandishi wengi wa programu huchukua ya kwanza na kuacha zilizobaki. Hapo ndipo mtu wa Lubumbashi anageuzwa kuwa wa Kinshasa. Chukua zote, kisha hakiki kwa kipande kifupi kama hiki cha Python:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

def ruhusa(kanda):
    return bool(kanda) and all(
        9 <= datetime.now(ZoneInfo(k)).hour < 20
        for k in kanda)
```

Neno `all` linadai kwamba kila ukanda uliotajwa uwe ndani ya saa halali. Maneno `bool(kanda)` yanaonekana ya ziada, lakini ukiyaondoa, namba isiyo na ukanda wowote itapewa ruhusa muda wote, kwa sababu kwa kompyuta orodha tupu haina kilichokataa. Namba ambazo hatujui lolote kuzihusu ndizo zingepigiwa usiku wa manane. Hilo ni kosa la maneno mawili ambalo jaribio la mchana haliwezi kulionyesha.

Ruhusa yenyewe iulizwe lini? Jibu ni pale simu inapotaka kutoka, sekunde ileile. Mipango mingi huchuja orodha asubuhi au kila saa na kuziweka namba zilizofaa kwenye foleni. Namba iliyoingia kwenye foleni dakika tano kabla ya mlango kufungwa inaweza kukaa humo dakika ishirini kwa sababu wapigaji wana shughuli, ikatoka ikiwa imechelewa. Kupiga tena ni hatari zaidi. Mashine ikiwa imepangwa kurudia baada ya saa nne kwa asiyepokea, simu ya London ya saa 12 jioni itarudiwa saa 4 usiku, kama hakuna kinachoihoji kabla haijatoka. Chujio la asubuhi libaki, linapunguza kazi, ila lango la mwisho liwe kwenye kupiga kwenyewe.

Vituo vya simu vinavyotumia VICIdial, programu huria iliyojengwa juu ya Asterisk, vina lango la namna hii tayari. Kila namba ina safu ya `gmt_offset_now` yenye tofauti ya saa, na mpango wa kampeni huweka saa zinazoruhusiwa kwa saa za anayepigiwa. Kwa kuwa safu hiyo ni tofauti tupu na si jina la ukanda, kuna hati inayoitwa `ADMIN_adjust_GMTnow_on_leads.pl` inayopangwa kuendeshwa kila siku ili kuisahihisha saa zinaposogezwa. Kazi hiyo ikisimama, labda kwa sababu seva ilihamishwa na mtu akasahau, hakuna atakayeona chochote hadi Machi au Novemba. Kisha maelfu ya namba yatakuwa na kosa la saa moja kwa siku moja. Malalamiko yakianza ghafla Jumatatu ya baada ya kusogeza saa, na yote yakawa ya nchi inayosogeza, angalia hapo kwanza.

Ili kuona makosa kabla ya watu kuyasikia, mpango uendeshwe mkavu kwanza: saa ishirini na nne bila simu hata moja kutoka, ukiandika tu ungempigia nani na kwake ingekuwa saa ngapi. Safu ya “saa ya kwake” ndiyo ya kuangaliwa. Ipange kuanzia saa ya mapema kabisa hadi ya mwisho na usome ncha mbili tu. Kukiwa na mstari mmoja wa saa 2 asubuhi, fuata namba hiyo. Ukikuta watu wote wa Phoenix wamerundikana saa 2, jua kwamba mtu aliwawekea `America/Denver`, ukanda wa jirani unaosogeza saa. Jaribio hilo lirudiwe kwa tarehe za bandia, ukiidanganya kompyuta kwamba leo ni tarehe 9 Machi, kisha tarehe 30 Machi, kisha siku moja ya Novemba.

Kuna mambo ambayo ukanda wa saa hauyajui kamwe. Tarehe 18 Machi 2026 iko mwishoni mwa Ramadhani. Jua la Maskati huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na mashine itakuambia kwamba hadi saa 2 usiku ni halali, wakati mwanachama ana tende mkononi. Ningefunga mlango wa Maskati saa 11 jioni ya huko kwa mwezi mzima. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa adhuhuri watu wako msikitini. Na muuguzi wa zamu ya usiku huko London analala saa 5 asubuhi, ambayo kila hesabu itasema ni saa njema ya kupiga.

Dawa ya hayo ni safu mbili za ziada kwenye orodha: mji, na saa anazopenda kupigiwa. Hazijazwi kwa kukisia. Hujazwa na mpigaji mwisho wa mazungumzo, baada ya shughuli kumalizika: “Dada, siku hizi uko mji gani? Na saa ngapi ni nafuu kwako tukikutafuta tena?” Jibu liandikwe papo hapo, pamoja na tarehe lilipotolewa, kwa sababu mtu wa Seattle wa mwaka huu anaweza kuwa wa Houston mwakani. Mji ukijulikana, unaushinda msimbo wa namba, na dirisha lililokuwa limebanwa kwa shaka linaweza kupanuliwa kwa ajili ya mtu huyo. Ikitokea ameamshwa, mpigaji aombe radhi, akate simu bila kuanza habari ya mkutano, na arekebishe safu ya mji kabla ya kupiga namba inayofuata.